Swali la vitumbua lililokuja vipande viwili

Jumanne usiku, watoto wamelala, nilikuwa napitia maoni chini ya ile video yangu ya vitumbua. Mengi yalikuwa mioyo na mikono ya kupiga makofi. Katikati yake nikakuta hili: "Dada, vyangu vinaiva nje ila ndani vinabaki uji, havina matundu kabisa. Nakosea wapi?" Chini yake, dakika moja baadaye, mtu huyohuyo alikuwa ameongeza: "Mama ndiye alikuwa anavijua na ametutangulia. Sitaki vipotee kwetu."

Vilikuwa vipande viwili kwa sababu TikTok hukupa herufi 150 tu kwa oni moja. Mtu mwenye jambo zito hulazimika kulikata, na mara nyingi kile kilichomfanya aulize huangukia kipande cha pili. Nilisoma mara tatu. Nikajua hili halijibiwi kwa mstari mmoja wa maandishi. Nitalijibu kwa video.

Asiyewahi kufanya, iko hivi: unagusa sehemu ya kujibu chini ya oni lenyewe, inatokea alama ya kamera nyekundu, ukiigusa unarekodi, na lile oni linabandikwa juu ya video kama kikaratasi cheupe chenye jina na picha ya aliyeliandika. Yeye hupata taarifa kwamba amejibiwa. Lakini kinachobandikwa ni oni moja. Kwa hiyo nilipaswa kuchagua: nionyeshe kipande cha uji au kipande cha mama?

Nakiri kwamba mkono wangu ulienda kwa mama. Nilijua watu wangesimama pale. Lakini nilipofikiria jina lake na uso wake vikiwa juu ya msiba wake, mbele ya watu nisiowajua, nikaona siwezi kufanya hivyo bila kumuuliza. Nikamwandikia faraghani: nataka kukujibu kwa video, watu wataona jina lako na swali lako, ni sawa? Akajibu asubuhi: "Sawa dada. Ila ile ya mama naomba usiiweke, ndugu zangu wanaangalia ukurasa wako na bado hatujazoea." Nilishukuru Mungu kwamba niliuliza. (Haya ninayoyaandika hapa pia nimemwomba, na amekubali kwa kuwa jina na mahali pake sitaji.)

Nikambakisha pale faraghani kwanza, maana swali lenyewe halikuwa limekamilika. Ndani kubaki uji kunaweza kutokana na mengi. Moto mkali huwahi kuchoma nje. Mchele usiolowana vizuri haulainiki. Hamira ikiwa imekufa, unga hauumuki. Nikamuuliza anavyofanya, hatua kwa hatua, tangu kulowesha. Mchele analowesha usiku kucha, vizuri. Hamira alifungua pakiti mpya wiki ileile, na alipoitia kwenye maji vuguvugu yenye sukari ilitoa povu ndani ya dakika kumi, kwa hiyo ilikuwa hai. Moto anaweka mdogo. Kisha akasema: "Tui nachemsha kwanza ili lisiharibike, halafu nasagia mchele likiwa bado la moto ili sukari iyeyuke upesi. Unakuwa mzito sana, kwa hiyo naongeza maji."

Hapo ndipo lilipokuwa. Hamira ni kitu chenye uhai. Inapenda uvuguvugu, na ikifika kwenye tui la nyuzi joto 60 au zaidi inakufa. Lakini tui la moto hufanya na jambo la pili ambalo wengi hatulioni: wanga wa mchele unaanza kuiva mle mle kwenye mashine ya kusagia. Ndiyo maana ule unga ulikuwa unamuwia mzito kama uji, naye kwa nia njema anaongeza maji. Sasa ana unga wenye maji mengi na hamira iliyokufa. Ukiingia kwenye chuma, nje unapata rangi kwa mafuta, ndani hakuna hewa ya kuufungua, maji hayana pa kwenda. Unabaki uji. Kosa lilikuwa moja, dalili zikawa mbili.

Nilimwandikia: tui lako lipoe kwanza. Alikaa kimya kama nusu saa. Kisha akaandika kwamba mama yake alikuwa anaweka sufuria ya tui dirishani kila jioni kabla ya kusaga, na yeye miaka yote alidhani ni ili watoto wasilifikie.

Sikuweza kuandika kitu kwa muda. Nilienda nikasimama jikoni.

Alhamisi nikarekodi. Sikutaka kumwambia tu, nilitaka aone. Nililowesha mchele vikombe 2 usiku, asubuhi nikauchuja na kuugawa sawasawa. Kila nusu niliisaga na robo tatu ya kikombe cha tui, sukari vijiko 4 vya chakula, iliki, na nusu kijiko cha chai cha hamira. Tofauti ilikuwa moja tu: nusu ya kwanza tui limetoka motoni, nusu ya pili tui nililodondosha tone kwenye kifundo cha mkono na sikusikia moto wala baridi. Nikamimina kila moja kwenye chupa ya kioo, nikavisha mpira mahali unga ulipoishia, nikazifunika na kuziweka sehemu moja. Baada ya saa moja, chupa ya uvuguvugu ilikuwa imepanda karibu vidole vitatu juu ya mpira, juu imejaa vipovu. Ile nyingine ilikuwa palepale kwenye mpira, imetulia kama rangi ya ukuta. Nikasogeza simu karibu, nikanyamaza kama sekunde tano. Zile chupa zilikuwa zinasema vizuri kuliko mimi.

Video ya kwanza niliifuta yote. Ilikuwa na dakika nne, na nilianza kwa "wapendwa, wengi mmekuwa mkiniuliza". Si kweli. Aliyeniuliza ni mmoja. Nilipoisikiliza nilisikia sauti ya mtu anayehutubia mkutano, na nikafikiria yeye amekaa na simu anangoja jibu lake, kisha anasikia anaingizwa kwenye kundi la "wengi". Na baada ya hapo nilikuwa nimesema "kosa analofanya ni". Ni kweli ni kosa, na yeye mwenyewe aliuliza anakosea wapi, lakini kumsema kama hayupo, jina lake likiwa limebandikwa pale juu, kunamweka mbele ya darasa.

Ya pili nilianza kwa kusoma swali lake kama lilivyo, taratibu, kwa sauti, maana wapo wanaosikiliza huku wanafua na hawasomi kioo. Kisha nikamwambia yeye: "Mdogo wangu, mchele wako uko sawa, hamira yako iko sawa, moto wako uko sawa. Tuangalie tui." Nilianza na alivyopatia kwa sababu vilikuwa vya kweli, na kwa sababu mtu aliyeharibu unga mara tano huwa ameanza kushuku kila kitu. Asiyejua kipi kiko sawa atabadilisha vyote kwa pamoja, halafu hata vikitoka vizuri hatajua kilichomsaidia.

Kikaratasi cha swali kilinisumbua. Mara ya kwanza kilikaa katikati, kikaziba chupa. Nikakisogeza kulia, vile vitufe vya moyo na kushiriki vikala maneno ya mwisho. Chini kuna maelezo ya video, nako hakufai. Mwishowe nilikipunguza nikakiweka juu kushoto, kisha nikarudia kurekodi nikiwa nimerudi nyuma kidogo ili kichwa changu kikae chini yake. Nilitaka kibaki mpaka mwisho. Anayeingia katikati ya video aone kwamba kuna mtu anajibiwa, asidhani naongea hewani.

Sauti nayo. Mafuta ya vitumbua yana kelele, na simu inayapenda mafuta kuliko mimi. Kile kipande cha kukaanga nilikipiga bila maneno, kisha nikaketi chumbani na kuongea juu yake. Hapo nikaongeza mawili tu, kwa sababu nilijua atayakuta akishavuka la tui. Unga ukishaumuka usiukoroge tena, chota taratibu pembeni, maana ile hewa ndiyo matundu yako. Na usiuache hadi ukaanza kunuka uchachu na kushuka, kwa kuwa ukifika hapo vitumbua vitakunywa mafuta na kulala. Kwa joto la huku Tanga saa moja inatosha. Mahali pa baridi utangoja zaidi, kwa hiyo tazama mpira kwenye chupa, usitazame saa.

Nilipasua cha kwanza mbele ya kamera. Matundu yalikuwepo, yamejipanga kama ya sega la nyuki. Nikapasua na cha ile chupa nyingine, kikanyooka kama gundi kati ya vidole. Nikasema, "Hiki ndicho ulichokuwa unakiona, sivyo?" Nilihisi kweli yuko upande wa pili.

Lile la dirisha sikulisema. Lilinijia mdomoni mara mbili nikiwa narekodi, na lingependeza sana. Ila nilipofika kwenye kupoza tui niliinua sufuria nikaiweka dirishani kwangu, nikaiacha pale ionekane nyuma ya bega langu kwa video yote iliyobaki. Hakuna atakayejua maana yake ila mmoja.

Nimeipakia Ijumaa jioni, dakika moja na sekunde arobaini. Chini yake nikabandika juu kabisa vipimo vyote, ili asilazimike kurudisha video nyuma mikono ikiwa na unga.

Leo Jumapili amenitumia picha. Sahani ya bati, vitumbua saba, kimoja kimepasuliwa, kina matundu. Nyuma kuna dirisha na sufuria. Chini ameandika: "Dada, viwili vya kwanza viling'ang'ania kwenye chuma vikakatika. Chuma ni kipya, cha mama sijui kiko wapi." Nimemjibu hapohapo kwamba chuma kipya hakijanywa mafuta: akioshe, akikaushe motoni, apake mafuta kila shimo, aache kipate moto hadi kianze kutoa moshi, apoze, arudie mara tatu, na baada ya hapo asikisugue kwa sabuni. Halafu nimemuuliza kama chuma cha mama yake kilikuwa cha mashimo saba au manne. Bado hajajibu, nadhani wanakula.