Mtu nisiyemjua alifungua akaunti kwa baruapepe yangu: nilivyoifunga

Barua ilisema "Karibu! Akaunti yako iko tayari", ikafuatiwa na risiti ya oda kutoka duka la mtandaoni ambalo sijawahi kununua kitu. Kwenye risiti kulikuwa na jina la mtu mwingine, namba yake ya simu na mtaa anaokaa.

Kwanza nilihakikisha kama ni kosa la uandishi tu au kuna mtu ndani ya kikasha changu. Kwenye Gmail kupitia kompyuta, chini kabisa kulia kuna neno Details, na ukilibofya unaona ni vifaa gani vimeingia na lini. Kama kuna kifaa usichokijua, au barua ya uthibitisho umeikuta imeshafunguliwa, liache duka kwanza, badilisha nenosiri la baruapepe yako na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Kwangu palikuwa safi.

Kisha nikaifungua barua, nikabofya vile vidoti vitatu na kuchagua Show original ili nione mstari wa To. Hapo ndipo jibu lilipokuwa. Mimi huandika jinalangu@gmail.com, lakini duka lilituma kwa jina.langu@gmail.com. Gmail haihesabu nukta zilizo kabla ya alama ya @, kwa hiyo anwani zote mbili ni kikasha kimoja, na hakuna mtu mwingine anayeweza kusajili ile yenye nukta. Maduka mengi, kinyume chake, huziona kama wateja wawili. Mara nyingi mhusika si tapeli. Anwani yake halisi huwa na tarakimu mwishoni, akaisahau, na duka likaruhusu oda bila kungoja athibitishe.

Usibofye Unsubscribe ukadhani umemaliza. Hiyo huzuia matangazo tu, akaunti inabaki. Kuzipeleka barua hizo kwenye spam nako si dawa, maana hata taarifa za usalama za akaunti hiyo hutaziona tena. Kama barua ina kiungo cha kusema si wewe uliyejisajili, kitumie, ila kwanza thibitisha kwamba kinaelekea kwenye tovuti halisi ya huduma hiyo. Barua hizi huigizwa sana. Ukiwa na shaka, andika anwani ya tovuti mwenyewe kwenye kivinjari.

Barua yangu haikuwa na kiungo hicho, nikawaandikia huduma kwa wateja kutoka kwenye baruapepe yenyewe:

"Akaunti iliyosajiliwa kwa jina.langu@gmail.com si yangu. Mimi ndiye mmiliki wa baruapepe hii na sikuruhusu itumike. Naomba muiondoe kwenye akaunti hiyo, na mumtafute mteja wenu kwa namba ya simu aliyoacha."

Andika anwani na nukta zake zote, la sivyo watajibu kwamba akaunti haipo. Walinitaka picha ya kitambulisho, nikakataa. Kitambulisho changu hakithibitishi chochote kwenye akaunti yenye jina la mwingine. Kinachotakiwa kuthibitishwa ni kwamba kikasha ni changu, na kwa hilo inatosha watume msimbo nami niwasomee. Wakizungusha, wakumbushe haki ya kusahihisha au kufutiwa taarifa, iliyomo kwenye sheria za kulinda taarifa binafsi: Tanzania ya 2022, Kenya ya 2019.

Yule mteja mwenyewe sikumtumia ujumbe. SMS kutoka namba ngeni inayotaja oda yako, nani ataiamini katika zama hizi za "ile pesa tuma kwenye namba hii"?

Wengi hukimbilia Forgot password na kuingia wenyewe. Inawezekana, lakini mimi naiweka mwisho kabisa. Ndani kuna mambo ya mtu, pengine na mzigo ulio njiani, na sheria za makosa ya mtandao, Tanzania ya 2015 na Kenya ya 2018, zinakataza kuingia bila ruhusa. Kwangu duka liliiondoa anwani lenyewe.

Kujua kama kweli imeondoka, omba nenosiri jipya kwa anwani ileile yenye nukta. Usiamini maneno ya kwenye skrini, kwani tovuti nyingi hujibu "tumetuma" hata kama akaunti haipo. Angalia kikasha na spam. Barua ikifika, akaunti bado ipo.

Na kama unaitaka huduma hiyo kwa matumizi yako, usirithi akaunti ya mgeni. Watafiti walionyesha mwaka 2022 kwamba kwenye baadhi ya huduma, aliyetangulia kufungua akaunti anaweza kubaki ndani hata baada ya mwenye baruapepe kubadilisha nenosiri, kwa sababu kikao chake hakikukatwa au aliacha namba yake ya simu humo. Subiri ifutwe, kisha ufungue mpya.