Barua yangu ya maombi ya kazi ya uchoraji wa CAD, na ngazi iliyopungua milimita 25

Nilipomaliza masomo ya uchoraji wa majengo niliona tangazo la nafasi ya mchoraji wa CAD, yaani uchoraji kwa kompyuta, wa ngazi ya chini, ambalo liliwataka waombaji watume wasifu, barua ya ukurasa mmoja, na jalada la michoro lisilozidi kurasa 6 katika faili moja la PDF. Wasifu niliumaliza jioni ileile. Barua ndiyo iliyonichukua siku tisa, na sehemu kubwa ya siku hizo sikuwa naandika, bali nilikuwa nimerudi kwenye michoro yenyewe, kwa sababu kila nilipojaribu kuieleza kwa maandishi niligundua jambo ambalo macho yangu yalikuwa yamelipita.

Rasimu ya kwanza ilianza vizuri kwa desturi ya barua rasmi, ikiwa na anwani mbili, tarehe, na kichwa kisemacho "YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MCHORAJI WA CAD". Chini yake niliandika hivi: "Nina ujuzi mzuri wa AutoCAD na nimechora michoro mbalimbali ya majengo, ikiwemo ramani za sakafu, mikato na sura za nje, kwa umakini mkubwa." Hakuna uongo katika sentensi hiyo, lakini hakuna hata neno moja ambalo msomaji angeweza kulipima. Mtu anayeajiri wachoraji anataka kujua iwapo vipimo vya mchoro vinajumlika, iwapo mkato, yaani mchoro wa jengo kana kwamba limekatwa wima, unakubaliana na ramani, na iwapo mchoro ukirudi na marekebisho ya kalamu nyekundu mwombaji ataweza kuyafuata hadi mwisho. Sentensi yangu haikugusa lolote kati ya hayo.

Nilimtumia rasimu ile pamoja na michoro dada mmoja aliyenitangulia chuoni, ambaye sasa ana miaka kadhaa katika kazi hii. Nilitarajia aniambie habari za lugha. Badala yake alinipigia simu na kusema, "Mdogo wangu, barua tutaizungumza baadaye. Nimejumlisha vipandio vya ngazi yako, havifiki juu."

Mchoro aliokuwa akiusema ulikuwa mkato wa nyumba ya ghorofa moja, ambao niliuweka mwanzoni mwa jalada kwa kuwa niliuona mzuri kuliko yote. Ngazi ilikuwa na mikono miwili yenye pumziko katikati, vipandio 9 chini na 8 juu, kila kimoja kikiwa na kimo cha milimita 175. Ukizidisha 17 kwa 175 unapata 2,975, lakini alama ya kimo cha sakafu ya juu ilisomeka +3.000, yaani mita tatu, na kipimo cha jumla kilichokuwa pembeni nacho kikasema 3,000. Zilipungua milimita 25. Kama fundi angejenga vipandio kama nilivyoviandika, kipandio cha mwisho kingekuwa na kimo cha milimita 200 wakati vingine vyote ni 175, na mtu anayepanda ngazi akiwa amezoea hatua moja angejikwaa hapo hapo juu.

Chanzo chake nilikikumbuka mara moja, na kwa kweli nilihuzunika. Katika mapitio ya mwisho ya zoezi mhadhiri alitaka unene wa umaliziaji wa sakafu ya juu uonekane, yaani lipu ya sakafu na vigae, ambavyo kwa pamoja vilikuwa milimita 25. Muda ulikuwa mfupi. Sikuinua mistari ya sakafu. Nilibofya kile kipimo cha jumla nikaandika 3,000 kwa mkono juu ya tarakimu iliyopimwa na programu, kisha nikabadilisha maandishi ya alama ya kimo. Kuanzia hapo kipimo kile hakikuwa tena kipimo, kilikuwa maandishi tu. Mstari ungeweza kuwa na urefu wowote na tarakimu ingebaki 3,000.

Katika AutoCAD kosa la namna hii hugundulika kwa urahisi kama mtu anajua mahali pa kutazama. Ukichagua kipimo na kufungua dirisha la sifa kwa amri ya `PROPERTIES`, katika kundi la `Text` kuna mstari wa `Text override`, na katika kipimo cha kweli mstari huo huwa mtupu. Nilipitia vipimo vyote vya jalada langu kimoja baada ya kingine. Nilikuta vingine viwili vilivyoandikwa kwa mkono, vyote katika ramani ya sakafu, navyo kwa bahati nzuri vilikuwa vimekosea kwa milimita moja moja tu. Nilifuta maandishi hayo ili programu ipime yenyewe, kisha nikarekebisha mistari iliyokuwa chini yake.

Ngazi haikurekebishika kwa wepesi huo. Maelekezo ya zoezi yalitaka kipandio kisizidi milimita 175, na 3,000 ikigawanywa kwa 17 inatoa 176.5, kwa hiyo vipandio 17 havikuwezekana tena. Nilikwenda kwenye 18, ambapo kila kimoja kinakuwa milimita 166.7, na kwa mkanyagio, yaani sehemu ya kuwekea mguu, wa milimita 270 ile kanuni ya kujumlisha vipandio viwili na mkanyagio mmoja inatoa takriban 603, ambayo imo ndani ya 600 hadi 630 tuliyofundishwa kuwa ni hatua ya mtu anayepanda bila kujilazimisha. Mikono yote miwili ilikuwa sasa na vipandio 9, na pumziko likashuka kutoka kimo cha 1,575 hadi 1,500.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mkato hauwezi kubadilishwa peke yake. Mkono wa juu uliongezeka mkanyagio mmoja, kwa hiyo ngazi ilifika juu milimita 270 mbele zaidi na kuipunguza korido ya ghorofani kutoka 1,400 hadi 1,130. Pumziko lililoshuka kwa milimita 75 lilishuka na upande wake wa chini, ambako nilikuwa nimechora mlango wa stoo wenye kimo cha 1,350, ambao sasa uligusa zege lenyewe, hata nafasi ya fremu haikubaki. Mlango ule ilibidi uwe 1,250, na jedwali la milango katika ukurasa wa nne libadilike pia. Kipandio kimoja kiligusa karatasi tatu. Niliyaandika mabadiliko hayo katika safu ya marekebisho, nikaita toleo B, na nikaacha toleo A libaki katika jalada kama ukurasa wa mwisho, na sehemu zilizobadilika nikazizungushia wingu la marekebisho, yaani mstari wa mawimbi, kama inavyofanywa ofisini.

Baada ya hapo barua ilijiandika. Aya ya michoro, ambayo ndiyo moyo wa barua nzima, ilikuja kusomeka hivi:

"Ukurasa wa 2 ni mkato wa ngazi kwa skeli ya 1:50. Nilipouhakiki niligundua kwamba vipandio 17 vya milimita 175 havikulingana na kimo cha sakafu cha milimita 3,000, kwa sababu nilikuwa nimeandika kipimo cha jumla kwa mkono. Nimeichora upya ngazi kwa vipandio 18, na mabadiliko yanaonekana katika ramani ya ghorofa iliyo ukurasa wa 3 na jedwali la milango lililo ukurasa wa 4. Ukurasa wa 6 ni toleo la awali, ili muweze kulinganisha. Unene wa slabu na ukubwa wa mihimili tulipewa na mhadhiri, sikuvikokotoa mimi."

Sentensi ya mwisho niliijadili sana na nafsi yangu, maana niliogopa ingenidunisha. Niliiacha kwa sababu mchoraji si mhandisi, na anayesoma jalada la mhitimu mpya huuliza mapema ni kipi kilikuwa kazi yake na kipi alikabidhiwa. Kwa sababu hiyohiyo sikuweka mchoro hata mmoja wa ofisi niliyofanyia mafunzo kwa vitendo, ingawa miwili kati yake niliichora vizuri. Ilikuwa mali ya ofisi na ya mteja, na sikuwa na ruhusa. Mahali pake niliweka mchoro wa meza ya karakana niliyoipima mwenyewe kwa futi ya chuma, na katika barua nikaupa sentensi moja tu.

Lilibaki suala la karatasi. Michoro yangu ya chuo ilipangwa kwa karatasi ya A1, na nilikuwa nimeigeuza tu kuwa PDF kama ilivyo. Yule dada alinionya kwamba ofisi nyingi zitaichapa kwa A3, ambayo ni nusu ya A1 kwa kila upande, kwa hiyo maandishi ya milimita 2.5 yangetoka 1.25 na hayasomeki, na skeli iliyoandikwa 1:50 ingekuwa kwa kweli 1:100. Sikutaka mchoro wangu useme uongo kwa sababu ya printa. Nilipanga kurasa upya kwa A3 tangu mwanzo, nikarudisha maandishi kwenye milimita 2.5, nikaweka mistari ya kuta zilizokatwa kwa unene wa 0.50 na ya vipimo kwa 0.18, na chini ya kila mchoro nikachora ukanda wa skeli wenye alama za mita. Ukanda huo hupungua pamoja na mchoro, kwa hiyo hata karatasi ikibanwa msomaji bado anacho cha kupimia.

Nilituma barua ikiwa na aya nne, nikaitia sahihi chini ya "Wako mtiifu", na baada ya siku kumi na mbili nikaitwa kwenye usaili. Msimamizi wa chumba cha michoro alikuwa ameuchapa ukurasa wa 2. Bila kuniuliza kitu aliweka rula juu ya ngazi, kutoka sakafu hadi sakafu, mahali ambapo milimita 3,000 kwa 1:50 zilipaswa kuwa 60 kamili. Alipata 58. Moyo ulinienda mbio. Kisha akaishusha rula kwenye ukanda wa skeli, akakuta mita tatu nazo ni 58, akasema, "Printa yetu imebana," akahesabu vipandio kwa ncha ya kalamu hadi 18, akafungua ukurasa wa 6 na kuuweka kando ya wa 2. Mazungumzo yetu yote yaliyofuata, karibu nusu saa, yalikuwa juu ya kurasa hizo mbili, na swali gumu kuliko yote lilikuwa kwa nini nilikubali korido ipungue badala ya kupunguza mkanyagio. Nilimjibu kwamba mkanyagio wa milimita 250 ungerudisha milimita 160 za korido, lakini ile hesabu ya hatua ingeshuka hadi 583, chini ya 600. Wiki mbili baadaye nilianza kazi, na karatasi ya kwanza niliyokabidhiwa ilikuwa mkato wenye alama 23 za kalamu nyekundu.