Mstari wa chini kabisa

Jana jioni mdogo wa mwisho alikuwa anavuta picha kwa vidole viwili kwenye simu yangu. Alivuta, akavuta tena, halafu akaniuliza: "Mbona ukiisogeza karibu inaingia ukungu? Si ndiyo ingeonekana vizuri?" Nikaanza kumjibu, nikajikuta nimemkumbuka yule mama mwenye duka na bango lake.

Alikuja kwangu asubuhi moja, simu mkononi. Bango la duka lilikuwa limepauka kwa jua, naye alitaka jipya, saizi ileile ya A2. Faili la awali halikuwepo. Aliyelitengeneza alikuwa mumewe, na kompyuta yake iliharibika baada ya yeye kufariki. Kilichobaki ni picha moja ya bango ambayo marehemu alikuwa amemtumia kwa WhatsApp. "Mwanangu," akasema, "siku hizi nasikia kompyuta inasafisha yenyewe. Iambie isafishe."

Niliifungua, nikatazama vipimo vyake kwa pikseli, vile viraba vidogo vya rangi vinavyounda picha: 724 kwa 1024. Karatasi ya A2 ina sentimita 42 kwa 59.4, yaani urefu wa inchi 23.4 hivi. Gawanya 1024 kwa 23.4, unapata pikseli 44 kwa kila inchi. Bango la kusomwa na mtu aliyesimama mbele yake linataka kama 150, na 300 likiwa na maandishi madogo. Kwa 44, kila pikseli ingechapwa kama kiraba cha zaidi kidogo ya nusu milimita, na jicho linakiona.

Nilianza na njia ya kizamani, kuikuza picha kwa programu ya kawaida. Hiyo haiongezi kitu. Kati ya pikseli mbili inaweka nyingine zenye rangi ya katikati, basi kingo zinakuwa laini kama siagi iliyoachwa nje. Ukibonyeza kunoa, inazungushia herufi ukingo mweupe. Mama akatazama, akatikisa kichwa.

Basi nikaipitisha kwenye programu ya akili bandia ya kukuza picha, mara nne kila upande. Ikatoka na pikseli 2896 kwa 4096, kama 175 kwa inchi. Kwa hesabu tupu, tumefaulu. Na kweli ilipendeza! Gunia la mchele lililokuwa kama wingu la kijivu sasa lilikuwa na nyuzi za mkonge, na mchele punje kwa punje. Jina la duka lilikuwa kali kama limekatwa kwa wembe. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta, najisikia fundi.

Mama hakuangalia gunia. Aliweka kidole kwenye namba ya simu akaanza kuisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, taratibu, kama mtu anayehesabu chenji. Alipofika ya sita kidole kikasimama. Akarudi mwanzo. Kikasimama palepale.

"Hii nane imetoka wapi? Hapa ni tatu."

Nikafungua picha ya awali kando ya mpya, nikaivuta hadi viraba vikaonekana. Tarakimu zile zilikuwa na urefu wa pikseli 9 tu. Tatu ya ukubwa huo, kinachoitofautisha na nane ni vijidirisha viwili vya upande wa kushoto, kila kimoja pikseli moja hivi. Halafu kuna JPEG, namna ya kuhifadhi picha kwa kuibana: inapobana picha huikata vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila kipande hutupa kwanza tofauti ndogondogo. Rangi nayo huhifadhiwa mara nyingi kwa nusu ya vipimo, na maandishi yale yalikuwa mekundu juu ya njano, kwa hiyo wekundu ulikuwa umevuja pembeni. Vile vijidirisha vilikuwa vimejaa kabla picha haijafika kwangu. Pale palikuwa na doa tu, na doa lile lingeweza kuwa tatu, sita au nane.

Programu haikujua kwamba haijui. Imefundishwa kwa picha nzuri zilizopunguzwa makusudi, ikajifunza kwamba doa la namna hii kwa kawaida hutokana na umbo la namna ile. Inachora kinachoelekea kuwa kweli, tena kwa mwandiko mzuri. Picha yenye ukungu angalau inakiri ukungu wake.

Nikafanya jaribio ambalo tangu siku ile siliruki: nikaipitisha picha ileile kwa kukuza mara mbili badala ya nne. Tarakimu ya sita ikatoka sita. Picha ni moja na jibu limebadilika, maana yake hakuna kilichosomwa. Zile tarakimu nyingine zilitoka sawa mara zote mbili, ingawa hilo nalo si hakikisho, programu inaweza kukosea vilevile mara mbili. Hakikisho alikuwa mama mwenyewe, maana namba ni yake.

Kwa mchele sikuwa na wasiwasi. Punje zile nazo zilibuniwa, lakini hakuna mteja atakayezihesabu. Nikalibakisha gunia la akili bandia, na maandishi yote nikaamua kuyaandika upya. Niliweka picha ya zamani kwenye Inkscape, programu ya kuchora kwa mistari, kama tabaka la chini, nikaififisha hadi asilimia 30, nikaifunga isisogee, kisha juu yake nikachapa maneno na kuyavuta hadi yakalala juu ya yale ya zamani. Fonti niliitafuta kwa kuangalia mguu wa R na mkia wa g, herufi mbili ambazo hazifichi ukoo. Maandishi ya aina hiyo yanahifadhiwa kama mistari, hayana pikseli, uyachape kwenye A2 au ukutani ni yaleyale. Kazi ya saa moja na nusu.

Tukafika chini kabisa. Palikuwa na mstari mmoja mwembamba chini ya namba, herufi zenye urefu wa pikseli 5. Programu ilikuwa imeuandika kwa umaridadi mkubwa, kwa herufi zisizo za lugha yoyote duniani, kitu kama n iliyooana na e.

"Hapa paliandikwaje, mama?"

Alinyamaza. Akasema ni maneno ya mumewe, aliyaongeza usiku wa mwisho kabla ya kuchapa, akawa anacheka peke yake. Kwenye lile bango la dukani kona hiyo ndiyo iliyopauka mwanzo. Miaka yote alikuwa akipita mbele yake bila kulisoma.

Nilijaribu. Nikaongeza tofauti ya mwanga na giza, nikatenganisha wekundu na njano, nikahesabu nafasi. Nilipata maneno manne, la tatu fupi. Zaidi ya hapo ningekuwa nabuni, na kubuni kulikuwa kumeshafanywa vizuri kuliko ningeweza mimi.

Nikamwambia naweza kuufuta, bango lisiwe na doa, au aniambie maneno yoyote anayopenda niweke.

"Uache vile ulivyokuja," akasema.

Nikakata kile kipande kutoka kwenye picha ya WhatsApp, nikakikuza bila kulainisha chochote, nikakiweka mahali pake. Kilichapwa kikiwa viraba vyekundu na njano chini ya namba kali isiyo na kosa. Wateja wawili, aliniambia baadaye, walishamshauri arudi kwangu nimrekebishie.