Samaki wa tatu alipotea: nilivyopambana na kikomo cha spraiti nane

Mwaka jana niliandika gemu ndogo ya uvuvi kwa ajili ya mashine ya kaseti tuliyokuwa tukiichezea Ngamiani utotoni, zile zilizoigwa kutoka Famicom ya Nintendo ya 1983. Ngalawa moja, samaki watatu, basi. Kwenye emuleta, programu inayoiga mashine hiyo ndani ya kompyuta yangu, ilikwenda safi. Nikaiweka kwenye kaseti ya kuandikika, nikaichomeka kwenye mashine yenyewe, na mpwa wangu akawa wa kwanza kuicheza.

"Mjomba, huyu samaki ameliwa mgongo."

Nikasogea kwenye televisheni. Samaki wa tatu alikuwa anapanda kutoka chini, na mistari yake mitatu ya juu haikuwepo kabisa, kama imepitiwa na kisu. Alipozidi kupanda, akalingana na ngalawa, akatoweka mzima. Akipita juu yake, anarudi mzima. Dosari ya picha ya samaki ingemfuata popote aendapo. Hii ilimpata pale tu alipokuwa kwenye mistari ileile ya ngalawa, kwa hiyo tatizo lilikuwa la mstari.

Chipu ya picha ya mashine hii ina orodha ya spraiti 64, yaani vipande vidogo vya picha vinavyosogezwa kwenye skrini, kila kimoja kikiwa na upana wa nukta 8. Lakini katika mstari mmoja wa skrini inaweza kuonyesha 8 tu, na sababu yake ni muda. Mstari mzima unachukua nafasi 341 za saa ya chipu, na 256 kati ya hizo zinaisha kwa kuchora nukta zinazoonekana. Wakati huo huo chipu inapekua orodha tangu mwanzo, ikiokota spraiti zinazogusa mstari unaofuata. Zikifika nane, ya tisa haionyeshwi. Kisha zinatumika nafasi 64 kuchukua picha za zilizookotwa, nafasi 8 kwa kila spraiti. Gawanya, utapata nane.

Sasa hesabu ya gemu yangu. Ngalawa ni spraiti 8, nne juu na nne chini. Samaki wote wanaogelea usawa wa zile nne za chini, na kila samaki ni spraiti mbili kwa upana. Nne na sita ni kumi. Mbili zinabaki nje, na kwa kuwa samaki wa tatu aliandikwa mwisho kwenye orodha, ni yeye kila mara. Emuleta yangu ilikuwa imewashwa chaguo la kuondoa kikomo, ndiyo maana sikuona kitu. Nililizima siku hiyohiyo.

Dawa waliyotumia waandishi wa gemu za zamani ni kubadili mpangilio wa orodha kila fremu, yaani kila picha moja kamili ya skrini, ili anayekosa leo apate kesho. Kule kuwaka na kuzima tulikokuwa tukikuona utotoni, tukidhani kaseti ina vumbi, mara nyingi kulikuwa ni zamu hiyo.

Jaribio langu la kwanza lilishindwa, na linastahili kuelezwa. Niliacha mpangilio vilevile, nikasogeza tu mahali pa kuanzia kuandika ndani ya zile nafasi 64. Mimi natumia spraiti 14 tu. Mara nyingi zote 14 zilikaa kwa mfuatano uleule, ila mbele zaidi, na samaki wa tatu akaendelea kuwa wa mwisho. Zamu ilibadilika pale tu orodha ilipokatika mwishoni na kurudi mwanzo.

Nikaamua kuzungusha samaki wenyewe. Nilijaribu kuiingiza na ngalawa kwenye zamu, lakini ilipofika zamu yake ya mwisho nusu yake ya chini ilikatika, na mchezaji hapaswi kupoteza chombo chake machoni. Basi ngalawa inaandikwa kwanza daima, halafu samaki, kuanzia yule ambaye namba yake iko kwenye anza, inayozunguka 0, 1, 2 kila fremu:

```
  lda anza
  clc
  adc #1
  cmp #3
  bcc sawa
  lda #0
sawa:
  sta anza
```

Kila samaki sasa anakosekana fremu moja kati ya tatu. Mashine yangu hutoa fremu 50 kwa sekunde, na macho yanaona samaki aliyefifia kidogo, anayetetemeka, lakini yupo na unaweza kumvua.

Baadaye mpwa wangu alitaka samaki wa nne. Hesabu ikawa kumi na mbili, kila samaki fremu mbili yupo, mbili hayupo, na mtetemo huo ulichosha macho. Nilimshusha huyo wa nne mistari 8 chini ya wenzake, asiguse mstari wao hata mmoja, akatulia.