Tatu vipi ikawa nne?

Shangani, Jumanne usiku

Slaidi ya tisa ya somo letu la nadharia ya muziki ndiyo iliyotukwamisha leo. Imeandikwa kwa herufi kubwa: «Tatu kubwa = nusu toni 4». Chini yake pana mistari mitano na vidoa viwili vyeusi, na basi. Mwanafunzi wangu anaimba taarabu vizuri na anapiga dumbaki, lakini nota hajajifunza kusoma. Aliitazama, akaniuliza: «Maalim, tatu vipi ikawa nne?»

Ni swali la haki. Katika slaidi zote za ngazi, umbali na kodi (kodi ya muziki, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, si ile ya bodi ya mapato) hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanaojua kusoma nota hupita tu bila kuona shimo, kwa sababu macho yao huhesabu mistari. Asiyesoma hana mistari ya kuhesabu. Ana neno «tatu» na tarakimu 4, navyo vinagombana.

Kinachogombanisha ni kwamba kuna hesabu mbili, na slaidi inazitia katika sentensi moja bila kusema. Kiswahili tunazo zote mbili kila siku. Ya kwanza ni hesabu ya siku: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Jumatatu ni ya tatu kwa sababu Jumamosi yenyewe imehesabiwa, ingawa kati yao ni mikesha miwili tu. Ya pili ni hesabu ya saa. Ukianza kazi saa moja ukamaliza saa tano, umefanya kazi saa nne, si tano. Pale unapoanzia hapahesabiwi, kinachohesabiwa ni mwendo.

Jina la umbali kati ya sauti mbili katika muziki, yaani pili, tatu, nne, tano, hufuata hesabu ya siku. Ukubwa wake hufuata hesabu ya saa, na kila saa ni nusu toni moja, hatua ndogo kabisa ya kibodi au gitaa. Hata idadi zinakubali: majina ya ngazi ni saba na la nane linarudi lilipoanza, kama Jumamosi inavyorudi, na humo ndani nusu toni ni kumi na mbili, kama saa za mchana. Mfano una kasoro moja, na ni bora mwalimu aiseme kabla hajaulizwa: Alhamisi kwa Kiarabu ni ya tano, lakini katika mpangilio wetu inakaa ya sita. Tufuate mpangilio, tuliache neno.

Baada ya hapo nilizima projekta, tukachukua gitaa. Kwa mtu asiyesoma nota, picha ya mistari mitano inapotosha. Vidoa vinapanda kwa nafasi sawa, kwa hiyo jicho linaamini kwamba sauti nazo zinapanda kwa nafasi sawa, na si kweli. Kibodi nayo inapotosha kidogo: vibao vyeupe vyote vina upana mmoja, lakini kati ya E na F, na kati ya B na C, hapana kibao cheusi, kwa hiyo hapo hatua ni nusu tu. Waya mmoja wa gitaa hauna ujanja huo. Kila freti, yaani kile chuma chembamba kinachokatiza shingo, ni nusu toni moja. Kidole kikisogea freti mbili, sauti imepanda toni nzima. Freti ya 12 iko katikati kabisa ya waya, na hapo sauti ya mwanzo inarudi, nyembamba zaidi.

Ngazi kubwa kwenye waya mmoja ni freti hizi, na 0 ni waya wazi:

```
0  2  4  5  7  9  11  12
```

Zisome kama ratiba. Jumamosi iko 0, Jumapili 2, Jumatatu 4, Jumanne 5, Jumatano 7, Alhamisi 9, Ijumaa 11, na Jumamosi nyingine 12. Sasa swali la slaidi ya tisa linajijibu lenyewe. Kutoka Jumamosi mpaka Jumatatu ni tatu kwa siku, na ni 4 kwa freti. Hiyo ndiyo tatu kubwa. Kutoka Jumapili mpaka Jumanne pia ni tatu kwa siku, lakini freti ni 5 kutoa 2, yaani 3. Hiyo ni tatu ndogo. Jina ni moja, ukubwa mbalimbali. Nilimwacha aipige mwenyewe mara nyingi, kwanza hii halafu ile, mpaka akaanza kuitambua kwa sikio bila kutazama shingo ya gitaa.

Kosa linalojitokeza hapa ni lilelile la kuhesabu, na dalili zake ni wazi. Mwanafunzi akiombwa tatu kubwa akaweka kidole freti ya 3, amehesabu waya wazi kuwa moja. Akiombwa «sauti ya nne» akapanda freti 4, amelichukua jina akalifanya mwendo. Simwambii «umekosea». Namuuliza: «Hapo ulihesabu siku au saa?» Mara nyingi anajisahihisha kabla sijamaliza.

Slaidi inayofuata inataka ngazi ya D. Kwenye gitaa si kazi: waya wa nne, kwa ufungaji wa kawaida, ni D, na freti ni zilezile 0, 2, 4, 5. Kwenye kibodi ndiko mambo yanakoharibika. Mwanafunzi aliyezoea ngazi ya C huanza D akapita vibao vyeupe tu: D, E, F, G, A, B, C, D. Inasikika kama muziki, kwa hiyo hashtuki. Hesabu saa: D mpaka E ni 2, sawa. E mpaka F ni 1 tu, na ratiba inataka 2. Kwa hiyo hatua ya tatu imeshuka nusu toni, inabidi ipande mpaka F#. Endelea: F# mpaka G ni 1, G mpaka A ni 2, A mpaka B ni 2, B mpaka C ni 1, na ratiba inataka 2 tena. Basi ya saba ni C#. Makosa ni mawili, ya tatu na ya saba, na asiyesoma nota anayapata kwa kuhesabu bila kukariri chochote.

Hapo aliuliza jambo ambalo slaidi imeliruka: kwa nini F# na si Gb, yaani G iliyoshushwa nusu toni, maana kibao ni kimoja? Ni hesabu ya siku tena. D, E, F: tatu lazima ibebe herufi F. Ukiandika Gb, ngazi ina G mbili na F haimo, ni kama wiki yenye Jumanne mbili na isiyo na Jumatatu. Sauti haibadiliki, bali jina linakuwa la uongo.

Kodi zilikwenda haraka kuliko nilivyotarajia. Slaidi inasema kodi ni «1, 3, 5», na hizo ni siku: Jumamosi, Jumatatu, Jumatano, unaruka moja moja. Kwa freti ni 0, 4, 7. Kitu kinachowachanganya watu ni kwamba tatu juu ya tatu inatoa tano, si sita. Jumatatu imehesabiwa mara mbili, mara moja kama mwisho wa tatu ya kwanza na mara moja kama mwanzo wa tatu ya pili. Kwa saa hesabu ni safi: 4 na 3 ni 7. Ndiyo sababu majina hayajumlishwi, zinajumlishwa nusu toni.

Tukachukua kodi ya D katika ngazi ya C. D, F, A. D mpaka F ni 3, F mpaka A ni 4, jumla 7. Tatu ndogo iko chini, kubwa iko juu, kwa hiyo ni kodi ndogo, na ndiyo sababu slaidi imeandika Dm ilhali C imeachwa bila herufi ndogo. Hakuna aliyeamua kwamba D iwe ndogo, ngazi yenyewe imeleta hivyo. Kodi ya B ndiyo ya ajabu: B mpaka D ni 3, D mpaka F ni 3, jumla 6. Tano yake imepungua nusu toni, na sikio linaisikia ikining'inia. Nilimwomba azihesabu C, E, F, G na A nyumbani kwa njia hiyohiyo. F na G zitatoka kama C, E na A zitatoka kama D.

Kuna sehemu moja ambayo sikumruhusu aziamini slaidi. Alipoimba ngazi kwa sauti yake, hatua ya tatu ilikaa chini kidogo ya freti ya 4 na juu ya freti ya 3. Mwalimu mwenye haraka angemwambia anaimba nje. Yeye alikuwa anaimba ngazi ya Kiarabu iitwayo Rasti, kama masikio ya taarabu yalivyomzoesha, na tatu ya Rasti inakaa baina ya ndogo na kubwa. Gitaa halina freti hapo, na akodiani haina kibao. Udi na fidla hazina freti, kwa hiyo zinafika, na ganuni inafika kwa vile vijichuma vyake vya kupandisha na kushusha waya. Ukiweka kodi kubwa chini ya sauti hiyo, tatu mbili zinasuguana na mwimbaji hujikuta anavutwa juu bila kutaka. Tulikubaliana kwamba kwa wimbo wa Rasti mpiga gitaa ashikilie sauti ya kwanza na ya tano peke yake, na ya tatu amwachie mwimbaji.

Hijazi, ngazi nyingine ya Kiarabu, haina shida hiyo, inaingia kwenye freti: 0, 1, 4, 5, ukianzia D ni D, Eb, F#, G. Tulimalizia hapo. Eb mpaka F# ni nusu toni 3, sawasawa na D mpaka F. Lakini Eb na F# ni herufi mbili zinazofuatana, kwa hiyo jina lake ni pili, na D mpaka F ni tatu. Alikaa kimya, akahesabu kwa vidole, kisha akasema: «Saa ni zile zile, siku ndizo zimebadilika.» Slaidi zilizobaki tutazifungua Alhamisi.