Nusu ya pili ndiyo iliyonipa PB: jinsi nilivyotoka DNF hadi 3:58:50

Maratoni yangu ya kwanza iliishia kilomita ya 34, nimekaa ukingoni mwa barabara, miguu imegoma. Kwenye matokeo, penye muda wangu waliandika DNF. Mjomba alipoona herufi hizo kwenye simu aliuliza kama ni cheo. DNF maana yake ulianza lakini hukumaliza. Asiyefika kabisa mstari wa kuanzia huandikiwa DNS, na aliyevunja kanuni akaondolewa ni DSQ. Ukiona DNF usiwahi kumcheka mtu: Eliud Kipchoge mwenyewe aliipata kwenye Olimpiki ya Paris 2024, baada ya kilomita 30 hivi.

Kilichonimaliza ni ushauri. Kaka mmoja tunayekimbia naye asubuhi hapa Mbeya aliniambia, "Weka akiba ya dakika mapema, mwishoni utachoka tu." Nikaamini. Nilitaka kumaliza ndani ya saa nne, yaani kama 5:41 kwa kilomita, lakini nikafyatuka kwa 5:13. Nusu ya kwanza nikaipita kwa 1:50, nikipunga mkono kama mgombea. Dakika kumi mfukoni! Kufika kilomita ya 30 nilikuwa natembea, na akiba yote ikaliwa ndani ya kilomita tatu.

Sababu yake haina uchawi. Kadiri unavyokwenda kasi, mwili unachoma sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini kwa wingi zaidi kuliko mafuta. Akiba hiyo ni ndogo, na kwa wengi huanza kuisha kuanzia kilomita ya 30 au karibu na hapo. Mafuta bado yapo tele, ila hayatoi nguvu haraka vya kutosha kwa kasi ileile. Dakika kumi za mwanzo nilizilipia kwa riba.

Mara ya pili nilikwenda kukimbia Dar, njia tambarare, nikageuza mpango. Nilijiandikia mkononi kwa kalamu ya wino: kilomita 10 isiwe chini ya 57:30, nusu isiwe chini ya 2:01, kilomita 30 iwe 2:51. Angalia maneno "isiwe chini ya". Wengi huandika muda wa kuwahi, mimi niliandika muda wa kutowahi. Kilomita tano za kwanza zilikuwa za aibu tupu, wazee na watoto wa shule wakinipita, na nikawaacha wapite. Nusu nikaigusa kwa 2:01:10, kisha nikaanza kubana hadi wastani wa 5:35. Nusu ya pili ikawa 1:57:40. Jumla 3:58:50, na kuanzia kilomita ya 32 niliwaokota waliotangulia mmoja mmoja. Sijaacha kulisimulia hilo.

Hiyo ndiyo negativu spliti: nusu ya pili fupi kwa muda kuliko ya kwanza. Kwenye ripoti, chukua muda wa mwisho utoe muda wa nusu, halafu linganisha. Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya 2:00:35 kule Chicago mwaka 2023, nusu ya kwanza ilikuwa 60:48 na ya pili 59:47. Ila isidhaniwe ndiyo njia pekee ya kwenda kasi: Kipchoge mwaka 2022 Berlin alikimbia 59:51 kisha 61:18, na ikawa rekodi ya dunia wakati huo.

Na PB ni muda wako bora kabisa katika umbali huo. Ni wako wewe, haulinganishwi na wa jirani, na wa nusu maratoni hauhesabiwi kwenye maratoni. Mimi kwa kuwa ya kwanza ilikuwa DNF, hata saa sita zingekuwa PB. Mjomba hajui hilo, msimwambie.

Tahadhari moja kwa wenzangu wa nyanda za juu: njia ikiwa na mlima, spliti inadanganya. Ukianzia Mbalizi, ukapanda Iwambi kuja mjini, kisha ukarudi, utapata negativu spliti safi bila ufundi wowote, maana nusu ya pili ni mteremko. Ukianzia mjini na kurudi mjini, nusu ya pili itakuwa nzito hata kama umekimbia kwa akili. Anayetaka kujipima kwenye njia kama hiyo alinganishe mapigo ya moyo au pumzi: kama nusu ya kwanza uliweza kuongea sentensi nzima na ya pili maneno matatu matatu, ulijibana vizuri, saa iseme inavyotaka.