Godauni ambalo sikulijenga

Kwa miaka mitatu kaka yangu alinisihi nijenge godauni kwenye kiwanja chetu cha Ruai. Nauza madaftari na kalamu kwa jumla hapa Nairobi, na kila Desemba alikuwa na hoja: shule zinafunguliwa Januari, mzigo unafurika, nami nakimbilia kutafuta nafasi Industrial Area.

"Dada, unalipa kodi ya watu hadi lini?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu, kwa hiyo nilichukua kitabu cha stoo nikahesabu paleti nilizokuwa nazo kila mwezi wa mwaka uliotangulia. Desemba zilikuwa 400, Januari 260, Novemba 240. Agosti zilikuwa 160 na Aprili 140, kwa ajili ya kufungua muhula. Miezi iliyobaki zilishuka: 90, 80, 70, 60, 60, 50, na Juni 40 tu. Godauni la kutosha Desemba lingekuwa na nafasi 400, ilhali wastani wangu wa mwaka haukufika 140. Kwa wastani, karibu theluthi mbili za jengo zingelala tupu.

Mjenzi aliniandikia milioni 11 bila kuhesabu ardhi, na benki ilitaka riba ya asilimia 15. Mwaka wa kwanza riba peke yake ni 1,650,000, kabla sijamlipa askari wala kununua foklifti. Ghala la umma nililokuwa nikitumia (la umma si la serikali, ni la yeyote mwenye mzigo) lilinitoza shilingi 900 kwa paleti kwa mwezi. Paleti zangu za mwaka mzima, nikijumlisha mwezi kwa mwezi, zilikuwa 1,650, yaani 1,485,000. Kaka alinyamaza alipoona karatasi ile. Ningekuwa na paleti 400 mwezi hadi mwezi ningelipa zaidi ya milioni 4, na hapo ningekuwa wa kwanza kumwita fundi.

Kumbe swali lenyewe halikuwa kujenga au kupanga. Mwenye ghala alinieleza kwamba angeweza kunipa pia mkataba wa miaka miwili: sehemu yangu peke yangu, yenye uzio wa wavu na karani mmoja, kwa shilingi 600 kwa nafasi ya paleti moja kwa mwezi. Nafuu hiyo ina bei yake. Ghala la umma unalipia paleti iliyopo, la mkataba unalipia nafasi hata ikiwa tupu.

Nilikaa na kalamu usiku mmoja hadi nikaelewa. Nafasi moja ya mkataba ni 600 mara miezi 12, yaani 7,200. Kwa umma, 7,200 hununua miezi 8. Kwa hiyo nafasi inayojaa zaidi ya miezi 8 ni ya mkataba, na ile inayojaa chini ya hapo iachwe kwa umma. Nikaipanga miezi kuanzia uliojaa zaidi, nikahesabu hadi wa nane: paleti 70. Hizo ndizo nilizotaka za mkataba.

Mwenye ghala alikataa, akasema kiwango chake cha chini ni nafasi 100. Nikapiga hesabu tena. Mkataba wa 100 ni 720,000 kwa mwaka. Paleti zinazozidi 100, nikijumlisha mwezi kwa mwezi, zingekuwa 700, ambazo kwa umma ni 630,000. Jumla 1,350,000, bado naokoa 135,000. Nikatia saini, lakini kwa sharti kwamba mzigo wa ziada ukae jengo lilelile, maana lori la kuhamisha mzigo kati ya maghala mawili lingekula akiba yote.

Ghala la umma lilikuwa limenifunza mambo mawili kwa uchungu. Madaftari yangu yaliwekwa kando ya sabuni ya mtu mwingine, karatasi zikanywa harufu, na mteja akanirudishia katoni 30. Pia mzigo ulioingia tarehe 27 ulitozwa mwezi mzima, nami sikuwa nimeuliza. Sasa mkataba unasema sabuni, mbolea na rangi zisikae karibu na karatasi, na kinachoingia baada ya tarehe 15 hulipiwa nusu. Nilisoma pia kifungu kinachompa mwenye ghala haki ya kuzuia mzigo hadi deni lilipwe, ndiyo sababu ankara ya Desemba huilipa kabla ya nyingine zote.

Kila mwisho wa mwezi napita na karani kati ya rafu, karatasi mkononi, kutafuta mabaki, kwa sababu paleti yenye katoni nne hutozwa sawa na iliyojaa. Mwezi uliopita tulikuta paleti sita za kalamu zisizofika nusu upande wa umma. Tulizipanga upya zikawa tatu kabla ankara haijaandikwa.